Mlango Mmoja Ukizibwa: Hesabu ya Kutoka Bwenini Usiku wa Moto

Mwezi Juni mwaka 1994, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana Shauritanga, wilayani Rombo, na kuua wanafunzi wapatao 40. Mwezi Machi mwaka 1998, wasichana zaidi ya 20 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, pwani ya Kenya. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, wilayani Machakos. Mwezi Septemba mwaka 2020, watoto 10 walikufa katika shule ya Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, wavulana 21 walipoteza maisha katika bweni lililolaza watoto zaidi ya 150.

Misiba hii imetofautiana kwa chanzo cha moto, na mara nyingine chanzo chenyewe kilibishaniwa kwa miaka. Lakini mazingira yake yanafanana. Ilikuwa usiku, watoto walikuwa wamelala, na walikuwa wengi kuliko njia za kutokea. Kyanguli, mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mhudumu wa afya aliyewahi kupokea majeruhi wa moto wa bweni anajua kwamba tofauti kati ya wodi iliyojaa na chumba cha maiti kilichojaa hupatikana katika dakika tatu au nne, nazo huwa zimekwisha kabla ya gari lolote la zimamoto kutoka kituoni. Kwa hiyo mpango wa kuokoa watoto ni mpango wa wale waliomo ndani ya uzio wa shule saa hiyo: matroni, mlinzi, mwalimu wa zamu, na wanafunzi wenyewe.

Mipango mingi iliyobandikwa katika mbao za matangazo ina kasoro moja. Huonyesha mishale inayoelekea milangoni kana kwamba milango yote itapitika. Moto haufuati mchoro. Ukianzia karibu na mlango, mlango huo haupo tena, na mpango unaofaa ni ule unaojibu swali moja: mlango mmoja ukizibwa, je, iliyobaki inaweza kutoa watoto wote kabla moshi haujawafikia?

Moshi na godoro

Watu wengi huogopa ndimi za moto, lakini anayeua kwanza ni moshi. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi mzito wenye gesi ya kaboni monoksidi, pamoja na gesi ya sianidi inayotokana na sponji yenyewe. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo damu hubaki ikizunguka mwilini bila kubeba hewa inayohitajika. Mtu aliyelala huweza asiamke kabisa. Aliyeamka hupata kizunguzungu, miguu hulegea, na akili huchanganyikiwa kiasi kwamba hugonga ukuta akidhani ni mlango.

Moshi wa moto hupanda kwanza hadi darini, kisha hushuka kama pazia linaloteremshwa. Katika bweni lenye vitanda vya ghorofa, hii ina maana kwamba anayelala juu hupumua sumu kabla ya anayelala chini. Hapo kuna jambo ambalo viranja wa bweni hawaambiwi mara kwa mara: wanapoamsha wenzao, waanze na wa juu. Na atakayetembea kwenda mlangoni ainame, kwa sababu hewa iliyo salama zaidi ipo karibu na sakafu.

Kuna suala la chandarua, ambalo lazima lielezwe kwa uangalifu katika nchi yenye malaria. Chandarua hushika moto haraka, huyeyuka na kudondosha matone yanayoungua, na hurahisisha moto kuruka kutoka kitanda hadi kitanda. Hata hivyo, kukiondoa kwa hofu ya moto ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine inayokuja kila usiku. Kinachopaswa kuondolewa ni mshumaa, kibatari, dawa ya mbu ya kuwasha, na chaja ya simu iliyofichwa chini ya mto. Anayesoma kwa mshumaa ndani ya chandarua amejifungia pamoja na moto.

Chumba kilichojaa magodoro ya sponji huweza kufikia hali ya kutokalika ndani ya dakika tatu hadi tano tangu moto ushike. Mpango wa busara huchukua tarakimu ndogo. Dakika tatu ni sekunde 180, na hesabu yote inayofuata inatoka hapo.

Hesabu ya bweni moja

Mfano huu ni wa bweni la kubuni, ingawa yeyote aliyewahi kukagua shule za bweni atalitambua. Ni jengo refu la chini, lenye mlango upande wa mashariki na mwingine upande wa magharibi, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 90. Lilijengwa kwa ajili ya wasichana 80. Leo linalaza 140, kwa vitanda vya ghorofa vilivyobanana na magodoro machache sakafuni. Matranka yamepangwa kwenye ujia wa katikati kwa sababu chini ya vitanda hapatoshi.

Moto unaanza saa nane usiku karibu na mlango wa mashariki. Ikiwa hakuna king'ora cha moshi, huenda dakika nzima ikapita kabla mtu hajaamka na kupiga kelele. Kisha zinahitajika kama sekunde 40 ili wasichana wa kwanza waamke, watoke ndani ya vyandarua, washuke vitandani na kufika mlangoni. Sekunde 100 zimekwisha na hakuna aliyetoka. Zimebaki 80.

Mlango wa sentimita 90 hupitisha takriban mtu mmoja kwa sekunde, kwa sharti kwamba watu hawasukumani, mlango unafunguka kwa nje, na mbele yake hapana kizuizi. Kwa hiyo mlango wa magharibi utatoa wasichana 80 katika muda uliobaki. Sitini watakuwa bado ndani. Hata kama kila mtu amefanya kila jambo kwa usahihi, bila mtu yeyote kuanguka, jengo lenyewe limekwisha kuwahukumu wasichana 60.

Ongeza king'ora cha moshi cha betri, na moto unagunduliwa pengine katika sekunde 30 badala ya 60. Watatoka 110, watabaki 30. Hayo ni maisha 30 yaliyookolewa na kifaa kidogo kinachofungwa darini kwa skrubu mbili, lakini bado hakitoshi.

Sasa toboa mlango wa tatu katikati ya ukuta mrefu, mahali palipokuwa na dirisha. Moto ukiziba wa mashariki, iliyobaki ni miwili. Kila mmoja unapitisha wasichana 70 kwa sekunde 70. Bila king'ora, wa mwisho anatoka katika sekunde ya 170, ikiwa imebaki nafasi ya kuvuta pumzi mara mbili tu. Pamoja na king'ora anatoka katika sekunde ya 140. Hii ndiyo sababu mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje na iwe na upana usiopungua futi tano, madirisha yasiwe na nondo, nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2 na ujia usipungue mita 2. Vipimo hivyo huonekana vikali mpaka mtu anapofanya hesabu ya sekunde.

Hesabu hii ina mipaka, na ni vyema ijulikane. Watu hawajigawi sawasawa milangoni. Wengi hukimbilia mlango waliouzoea. Moshi hupunguza mwendo. Tranka moja katikati ya ujia huangusha mtoto mmoja, naye huangusha watano. Kwa hiyo tarakimu zilizotolewa hapa ni za hali bora kabisa, na shule ambayo hata kwa tarakimu hizo inashindwa haina sababu ya kutumaini usiku wenyewe. Kama mlango wa tatu hauwezekani muhula huu, basi idadi ya vitanda ndiyo inayopaswa kushuka hadi ile ambayo mlango mmoja unaweza kuitoa. Katika mfano huu ni 80 bila king'ora, na 110 pamoja nacho. Afisa afya anayekagua shule anaweza kufanya hesabu hiyo kwa utepe wa kupimia na kalamu, akiwa amesimama mlangoni.

Kufuli

Walimu wakuu wanaofunga mabweni kwa kufuli si watu wasiojali. Wana sababu, na sababu hizo ni za kweli: wezi, wanaume wanaoruka uzio, wanafunzi wanaotoroka usiku. Mzazi aliyempeleka binti yake bwenini angependa kusikia kwamba mlango umefungwa. Mpango unaosema tu "milango isifungwe" utapuuzwa siku ya kwanza ambayo mtu atavamia shule.

Suluhisho ni kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa, yaani kumzuia wa nje asiingie na kumzuia wa ndani asitoke. Komeo linalofunguliwa kutoka ndani kwa mkono mmoja, bila ufunguo, linatimiza la kwanza bila kusababisha la pili. Anayetoroka atashughulikiwa na mlinzi anayezunguka nje, na kwa kuhesabu wanafunzi kabla ya kulala. Ufunguo uliowekwa katika kisanduku cha kioo karibu na mlango ni faraja ya mchana. Gizani, katika moshi, hakuna atakayeuona. Ufunguo ulio mfukoni mwa matroni nao hauna maana ikiwa matroni analala nyumba ya mita 100 kutoka hapo.

Kwa madirisha, kama shule haiwezi kuondoa nondo zote kwa mara moja, fundi wa kuchomelea anaweza kukata fremu ya nondo ya baadhi ya madirisha, akaifunga bawaba upande mmoja na komeo la ndani upande mwingine. Dirisha la namna hiyo halihesabiwi kama mlango, kwa kuwa mtu hupita polepole, lakini huwapa nafasi walio mbali na milango.

Nani anafanya nini

Majukumu ya usiku hayawezi kunakiliwa kutoka orodha ya mchana. Mchana shule ina walimu 30; saa nane usiku ina watu wanne au watano. Majukumu lazima yatoshe idadi hiyo, na kila mmoja awe na mtu wa kushika nafasi yake akiwa mgonjwa au likizo.

Anayeona moto hupiga kelele na kuanza kuamsha, hangoji ruhusa. Kiranja wa bweni hufungua mlango ulio mbali na moto na kuushikilia wazi. Matroni huenda bwenini moja kwa moja, lakini kazi yake ni kusimama nje ya mlango akiwaelekeza wanaotoka waendelee kutembea, kwa sababu msongamano mbaya mara nyingi huanza hatua tatu nje ya mlango, ambapo waliotoka husimama kuwatafuta marafiki. Mlinzi wa kwanza hugonga kengele, na kengele hiyo isitegemee umeme: rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na chuma cha kugongea bado ni chombo cha kuaminika. Mlio wake wa moto uwe tofauti na ule wa vipindi, kwa mfano kugonga mfululizo bila kukoma. Mlinzi wa pili huzima swichi kuu ya umeme, kisha hufungua lango na kulinda njia ya gari isizibwe na wazazi na majirani wanaokimbilia moto. Mwalimu wa zamu hupiga simu, ambayo kwa Tanzania Bara ni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kutaja jina la shule, njia ya kufika, alama iliyo jirani, na kama kuna watu ndani. Kisha huenda mahali pa kukusanyika akiwa na orodha.

Jukumu la kuzima moto huja mwisho, na lina masharti. Moto ulio mdogo kama ndoo ya taka waweza kukabiliwa na watu wazima wawili, mlango ukiwa nyuma yao. Mtungi wa unga unaobebwa kwa mkono huisha katika muda usiozidi nusu dakika. Ukiisha na moto haujazimika, watu hao hutoka na kuufunga mlango nyuma yao kama wote wameshatoka. Hawaendi kutafuta mtungi mwingine.

Wanafunzi wenye mahitaji maalumu hupangwa kabla ya usiku wenyewe. Anayetembea kwa magongo, asiyeona, asiyesikia kengele, mwenye kifafa, mwenye pumu kali: hawa hulala kitanda cha chini, karibu na mlango, na kila mmoja ana wenzake wawili wanaojua kwa majina kwamba ni jukumu lao kumtoa. Muuguzi wa shule ndiye mwenye orodha hii, na ndiye anayepaswa kuidai nafasi ya kitanda.

Kuhesabu gizani

Mahali pa kukusanyika panapaswa kuwa mbali na jengo kiasi kwamba joto, moshi na vipande vya paa haviwafikii watoto. Uwanja wa mpira kwa kawaida unafaa. Pasiwe chini ya nyaya za umeme, karibu na jiko lenye mitungi ya gesi, wala mbele ya lango ambako gari la zimamoto litapita. Panahitajika pawili, pande mbili tofauti za bweni, kwa kuwa upepo ukigeuka moshi utakwenda pale pale watoto waliposimama. Mlinzi anayegonga kengele ndiye anayetangaza kama ni uwanja wa juu au wa chini.

Kazi ya mahali hapo ni kuhesabu, na hapa ndipo mipango mingi mizuri huvunjika. Orodha ya darasa haifai usiku, maana bweni halilazi watoto kwa darasa. Kuita majina 140 gizani, watoto wakilia, huchukua dakika nyingi na hutoa jibu lisiloaminika. Njia nyepesi ni kuwagawa wasichana kwa makumi kufuatana na vitanda vyao: makumi 14, kila kumi likiwa na kiongozi na msaidizi. Kiongozi wa kumi anawajua tisa wake kwa sura na sauti, kwa hiyo anahitaji sekunde chache tu. Kumi lililokamilika huketi chini. Lisilokamilika hubaki limesimama. Mwalimu mwenye tochi hana haja ya kusoma jina lolote mpaka anapoona kundi lililosimama, na hapo huuliza: nani hayupo, na alionekana wapi mara ya mwisho?

Tuseme hesabu inatoka 139. Swali la kwanza ni kama kweli walilala 140. Huenda mmoja alikwenda nyumbani mchana kwa ruhusa ya msiba, na karatasi yake ipo mezani kwa mwalimu mwingine. Huenda yumo katika chumba cha wagonjwa, au chooni. Watu wazima wamewahi kufa wakirudi ndani ya moto kumtafuta mtoto ambaye hakuwamo. Ndiyo maana matroni anapopita saa nne usiku hufanya mambo mawili: hujaribu kila komeo kwa mkono wake kutoka ndani, na huandika idadi ya waliolala, pamoja na majina ya waliotoka na waliolazwa, kwenye ubao unaotundikwa kibandani kwa mlinzi. Ubao ukiachwa ofisini au bwenini utaungua pamoja na jengo.

Ikithibitika kwamba mtu hayupo, taarifa hiyo hupewa kiongozi wa zimamoto mara gari linapofika: jina, kitanda namba ngapi, upande upi wa bweni. Hakuna mwanafunzi wala mtumishi asiye na vifaa anayerudi ndani. Ni kanuni ngumu kuliko zote, na inapaswa kuzungumzwa wazi wazi mchana, kwa sababu usiku hakuna atakayeisikiliza kwa mara ya kwanza.

Zoezi

Mpango ambao haujajaribiwa ni dhana tu. Zoezi la kwanza hufanyika mchana, likiwa limetangazwa, ndani ya wiki ya kwanza ya muhula, wakati wanafunzi wapya bado hawajui mlango wa pili uko wapi. La pili hufanyika baada ya giza kuingia, taa zikiwa zimezimwa. Katika zoezi hilo mwalimu mmoja husimama katika mlango unaotumika zaidi akiwa ameshika bango lenye neno MOTO, na hakuna anayeruhusiwa kupita hapo. Mwingine hushika saa. Hupima mambo matatu kwa kutenganisha: muda kutoka kengele hadi wa kwanza kutoka, muda kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na muda wa kukamilisha hesabu uwanjani.

Kutenganisha huku kuna faida kubwa. Kama wa kwanza alichelewa, tatizo ni kengele au usingizi. Kama wa mwisho alichelewa, tatizo ni mlango, ujia au idadi ya watu. Kama hesabu ilichelewa, tatizo ni makumi au ubao. Anayeandika "zoezi lilichukua dakika sita" hajui atengeneze nini kesho.

Mara nyingi zoezi la kwanza la usiku hufichua mambo madogo yasiyo katika mpango wowote. Wasichana hutafuta viatu. Wengine hufungua tranka kuchukua daftari au simu. Komeo la mlango wa dharura limeshika kutu kwa kuwa halijaguswa tangu lilipofungwa. Mlango unafunguka kwa ndani, na wa kwanza kufika anabanwa na walio nyuma yake hata hawezi kuuvuta. Kila dosari ya namna hii iliyoandikwa ina dawa ya bei ndogo.

Lakini zoezi lisigeuzwe mashindano ya mbio. Februari 2020, katika shule ya msingi mjini Kakamega, magharibi mwa Kenya, wanafunzi 14 walikufa baada ya kukanyagana kwenye ngazi walipokuwa wakitoka madarasani jioni. Moto haukuwapo. Katika jengo la ghorofa, ngazi ndiyo mlango mwembamba kuliko yote, na anayeanguka hapo huanguka juu ya wenzake. Kwa hiyo mtu mzima husimama juu ya ngazi na mwingine chini, watoto hushuka kwa kushika ukingo, na chumba cha pili hakianzi kushuka kabla cha kwanza hakijapungua. Mwendo unaotakiwa ni wa kutembea haraka bila kusimama.

Kazi ya muuguzi uwanjani

Muuguzi akifika uwanjani atawakuta watoto wa aina tatu: wachache walioungua, wengi wanaokohoa, na kundi kubwa linalosema halina tatizo. Walioungua humwagiwa maji safi ya bombani yanayotiririka kwa dakika 20, na hilo bado lina faida hata kama limecheleweshwa, mradi ni ndani ya saa tatu. Barafu, dawa ya meno, mayai, asali na udongo haviwekwi. Pete, bangili na shanga huvuliwa mapema kabla vidole havijavimba. Baada ya kupoza, jeraha hufunikwa kwa kitambaa safi na mtoto hufunikwa blanketi, maana aliyeungua eneo kubwa hupoteza joto la mwili haraka.

Anayehitaji jicho kali zaidi ni yule asiye na jeraha. Sauti iliyokwaruza, masizi katika makohozi au puani, nywele za pua zilizoungua, au malengelenge mdomoni ni dalili kwamba njia ya hewa imeungua ndani. Mtoto huyo anaweza kuzungumza na kutembea saa nane usiku, na alfajiri koo likawa limevimba na kuziba. Hapelekwi kulala. Hupelekwa hospitali akiwa amekaa wima, pamoja na barua inayosema wazi kwamba alikuwa katika chumba kilichojaa moshi, na kwa muda gani.

Kuna mtego hospitalini pia. Kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtoto ambaye damu yake inazidi kukosa oksijeni. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kusinzia au kuchanganyikiwa kwa aliyetoka katika moshi vinatosha kumpa oksijeni kwa kiwango kikubwa kupitia barakoa yenye mfuko, bila kusubiri kipimo kishuke. Katika hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksidi hutoka mwilini kwa saa nne hadi tano; kwa oksijeni ya namna hiyo, kwa saa moja hadi moja na nusu.

Ndiyo maana muuguzi huyapitia makumi yote 14 kabla watoto hawajaruhusiwa kusambaa, na kila kiongozi wa kumi huombwa kumtaja mwenzake yeyote aliyetoka akiwa wa mwisho, aliyeanguka, au ambaye sauti yake imebadilika. Huyo wa mwisho kutaka kutajwa ndiye ambaye muuguzi humwomba ahesabu kwa sauti hadi kumi, akiwa amemwelekezea tochi mdomoni.